Kuchapa saa za duka kutoka picha ya bango la mlangoni: hii J1 wanafunga saa ngapi?

#1 mkazi_wa_ngamiani
Habari wakuu. Nina picha za mabango ya milangoni nilizopiga mitaa ya Ngamiani, Tanga, na naziingiza kwenye ramani ya OpenStreetMap ili mtu akigusa duka aone liko wazi au limefungwa. Mengi hayana shida. Hili moja, la duka la vifaa vya ujenzi, limenikwamisha. Nimelichapa kama lilivyo, mstari kwa mstari:

```
J3 - ALH   2:00 - 6:30   8:00 - 12:00
IJUMAA     2:00 - 5:30   8:00 - 12:00
J1         2:00 - ?:00
J2         (selotepu juu yake)
SIKUKUU TUNAFUNGA
```

Alama ya kuuliza ni tarakimu moja iliyopitiwa na mng'ao wa kioo. Mimi naona 7, mke wangu anaona 1. J2 imefunikwa na selotepu ya kahawia. Chini kuna namba ya simu inayoanza na 07, ila mwisho wake umejificha nyuma ya fremu ya mlango. Kwa sasa niko Korogwe kikazi, siwezi kupita pale.

Naomba msaada: saa nizibadilishe au niziache kama bango? Na J1 na J2 niziandikeje?

#2 chipsi_dume
Nenda saa mbili asubuhi ukae kwenye ngazi mpaka wafunge. Umemaliza.

#3 mkazi_wa_ngamiani
@chipsi_dume nauli ya Korogwe mpaka Tanga unalipa wewe?

#4 ZeFundi
Mkuu hii rahisi. Ongeza sita kila mahali. 2:00 inakuwa 08:00, 6:30 inakuwa 12:30, 8:00 inakuwa 14:00, 12:00 inakuwa 18:00. Ramani haijui saa zetu, inataka saa 24. Kwa hiyo bandika hivi:

```
Mo-Th 08:00-12:30; Mo-Th 14:00-18:00
```

Ijumaa fuata mtindo huohuo. J1 weka 13:00. J2 weka `off`. Kazi imeisha.

#5 mama_takwimu
ZeFundi hesabu yako ya saa ni sawa, ila hiyo nukta na mkato itamfungia mwenye duka asubuhi nzima. Kwenye `opening_hours`, ile sehemu ya ramani inayobeba saa za duka, kila kipande kinachofuata `;` kinafuta kilichotangulia kwa siku zilezile. Ukiandika `Mo-Th` mara mbili, programu inaisoma ya pili tu, na mtu wa saa nne asubuhi ataambiwa duka limefungwa. Vipindi viwili vya siku moja vinatenganishwa kwa mkato:

```
Mo-Th 08:00-12:30,14:00-18:00
Fr 08:00-11:30,14:00-18:00
```

Nimeviweka mistari miwili ili visomeke. Kwenye ramani vinakaa mstari mmoja, kati yake `;` na nafasi. Hapo `;` haina madhara kwa sababu siku ni tofauti.

Mapumziko yenyewe hayaandikwi popote. Ni lile pengo kati ya 12:30 na 14:00. Nimewaona watu wakichapa "Break 12:30-14:00" humo ndani, matokeo yake programu inagoma kusoma mstari wote.

#6 ZeFundi
Sawa mama. Lakini mimi nimeziona nyingi zimeandikwa kama nilivyoandika mimi na hakuna aliyelalamika.

#7 mama_takwimu
Hawalalamiki kwa sababu hawajui. Mtu akiona "limefungwa" anaondoka, haandiki barua.

#8 Nyali_Juu
Salaam kutoka Mombasa. Swali la msingi hamjaliuliza: mmejuaje kwamba bango hilo ni la saa za Kiswahili? Huku kwetu mabango mengi ni 8am na 5pm, na hata mtu akiandika 8:00 bila herufi, ni saa mbili asubuhi. Ningeliona bango hilo kwa Kenya ningesita.

#9 mama_takwimu
@Nyali_Juu swali zuri. Usiangalie saa moja moja, soma siku nzima kwa njia zote mbili kisha uone ipi inamkalisha mtu dukani kwa akili. Kwa saa za Kizungu, 2:00 mpaka 6:30 halafu 8:00 mpaka 12:00 ni duka la saruji na misumari linalofunguliwa saa nane mchana, linapumzika usiku unapoingia, kisha linauza mabati mpaka saa sita usiku. Haiwezekani. Kwa saa zetu ni asubuhi mpaka jioni, na pengo linaangukia mchana.

Ushahidi wa pili ni Ijumaa. Siku za kawaida wanafunga 6:30, Ijumaa wanafunga 5:30. Kwa saa zetu hiyo ni saa moja kabla ya kawaida yao, muda wa kuoga na kwenda swala ya Ijumaa. Pengo la Ijumaa likikumbatia swala, saa hizo ni za Kiswahili.

Linalotesa kweli ni bango lenye kipindi kimoja tu. "8:00 - 12:00" peke yake mlangoni kwa fundi cherehani inaweza kuwa asubuhi kwa Kizungu au alasiri kwa Kiswahili, na zote zina akili. Hilo halichapwi bila ushahidi mwingine.

#10 Nyali_Juu
Nimekusoma. Ila yakhe, na yale mabango yanayochanganya? Nimeliona moja limeandikwa "2:00 ASB - 6:00 PM".

#11 mama_takwimu
Hayo yapo, hasa mwenye duka akiandika nusu yeye na nusu mchoraji. Kila saa inabadilishwa kivyake kwa kufuata herufi zake. ASB inaongezwa sita, PM inaongezwa kumi na mbili. Hapo ni 08:00 mpaka 18:00.

#12 Toronto_Mswahili
Jamani msaada kidogo. Mimi nimekulia huku, hiyo J3 ni siku ya tatu? Programu ya stoo kazini kwetu inahesabu Jumatatu kuwa 1, kwa hiyo 3 ni Jumatano. Bango ni Jumatano mpaka Alhamisi?

#13 chipsi_dume
Duka la siku mbili kwa wiki, bosi huyo anaishi vizuri.

#14 bibi_wa_chuoni
Mwanangu wa Toronto, J3 ni Jumatatu, J4 ni Jumanne, J5 ni Jumatano, J2 ni Jumapili, na J1 ni Jumamosi, ndiyo mosi. Wiki yetu inaanza Jumamosi. Programu yenu inaanza Jumatatu. Ndiyo maana J5 ya bango na 5 ya kompyuta yenu haziwi siku moja: yetu ni Jumatano, yenu ni Ijumaa.

Kuna jambo jingine linatokana na hilo. Baadhi ya maduka ya Waislamu yanaandika "J1 - ALH" yakimaanisha Jumamosi mpaka Alhamisi, siku sita mfululizo, Ijumaa wamepumzika. Mchapaji akishazoea wiki ya Jumatatu anaona Jumamosi imekuja kabla ya Alhamisi, anadhani bango limekosewa, anageuza ikawa Alhamisi mpaka Jumamosi. Duka la siku sita limebaki na siku tatu, tena Ijumaa wanayofunga imeingizwa kuwa siku ya kazi!

#15 mama_takwimu
Shikamoo bibi. Na kwenye ramani `Sa-Th` inakubalika kabisa, inazunguka mwisho wa wiki bila shida. Hakuna haja ya kuikata vipande viwili.

#16 bibi_wa_chuoni
Marahaba.

#17 mchora_mabango
Mimi ni mchoraji, nipo Tanga hapahapa. Kama mnataka bango jipya la duka tuwasiliane, natengeneza ya kioo, ya bati na stika. Bei maelewano.

#18 mkazi_wa_ngamiani
@mchora_mabango asante ndugu, sihitaji bango, nahitaji kulisoma lililopo. Lakini kwa kuwa wewe ni wa fani: hiyo tarakimu ni 7 au 1?

#19 mchora_mabango
Ooh nimewaelewa sasa. Bwana, usikisie kwa macho. Bango lenyewe limekupa sampuli. Una 1 kwenye "12:00" mara mbili, na hata kwenye "J1" yenyewe. Una 7 kwenye namba ya simu, hiyo 07 ya mwanzo. Mchoraji mmoja hachori 7 mbili kwa namna mbili siku moja, mkono una mazoea. Kuza picha, tazama mambo matatu: 1 yake ina kofia au ni fimbo tupu? 7 yake ina kijiti katikati? Na mguu wa 7 umelala au umesimama?

#20 mkazi_wa_ngamiani
Nimekuza. 1 zote zina kofia ndogo upande wa kushoto na hazina msingi chini. 7 ya simu ina kijiti katikati. Hii yenye utata ina kofia ndefu kuliko ya 1 nyingine, lakini kijiti sikioni. Pale kijiti kingekaa ndipo mng'ao ulipo.

#21 ZeFundi
Kofia ndefu = 7. Saa saba mchana, 13:00. Nilisema tangu mwanzo.

#22 Nyali_Juu
Au 1 aliyoichora haraka. Saa moja usiku, 19:00. Tofauti ni saa sita nzima, si jambo dogo. Mtu atatoka Pongwe na pikipiki saa tisa kufuata bomba la maji akute kufuli.

#23 kasuku_wa_bukavu
Mimi naongeza la tatu. Inaweza kuwa 1 na bado wanafunga mchana. Kama mwenye duka mwenyewe aliwahi kufanya kazi na watu wa saa za Kizungu, J1 anaweza kuandika 1:00 akimaanisha saa saba mchana. Huku Bukavu mabango mengi ni ya Kifaransa, "Lundi - Vendredi 8h00 - 17h30", na h ile inakuokoa, ukiiona unajua ni saa 24. Lakini mtu yuleyule akikwambia kwa mdomo anasema saa mbili. Akili moja inabeba saa mbili, ikichoka inachanganya.

#24 mama_takwimu
@kasuku_wa_bukavu inawezekana, ila mistari mingine yote iko saa za Kiswahili na J1 yenyewe inaanza 2:00. Kubadilisha saa katikati ya mstari mmoja ni nadra. Siikatai, naiweka mwisho.

Hoja inayoniegemeza kwenye 7 ni nyingine: siku za kazi mstari una vipindi viwili, J1 una kimoja tu. Wangekuwa wanafunga saa moja usiku, wangekaa tangu asubuhi bila kwenda kula wala kuswali, ilhali siku nyingine zote wanapumzika. Kipindi kimoja kisicho na pengo mara nyingi ni nusu siku.

#25 mchora_mabango
Hapo dada sikubaliani sana. Jumamosi ndiyo siku ya mafundi kununua vifaa, wamelipwa wiki. Maduka ya vifaa hapa Tanga wengine Jumamosi hawapumziki kabisa, wanapokezana kula. Mimi mwenyewe rangi nanunua Jumamosi jioni.

#26 chipsi_dume
Sasa mchoraji umeturudisha pale pale.

#27 umm_salim_mct
Assalaam aleikum. Niko Maskati, nawasoma nikicheka maana nyinyi mna 1 na 7 tu. Huku bango la Kiarabu lina ٦ ambayo ni sita lakini mgeni anaichapa saba, ina umbo la 7 kabisa. Saba ya kweli ni ٧, kama V. Tano ni ٥, duara, mtu anachapa sifuri. Sifuri ni nukta ٠ na kwenye picha yenye vumbi inapotea.

Kibaya zaidi ni upande. Bango linasomwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo saa ya kufungua iko kulia. Duka la kawaida huku linafungua asubuhi, linafunga mchana wa joto, linarudi alasiri mpaka usiku. Mtu aliyezoea kusoma kushoto anaanza na saa ya kufunga, anapata duka la saa saba mchana mpaka saa mbili asubuhi! Tazama herufi ndogo pembeni: ص ni asubuhi, م ni baada ya mchana. Ukizifuata hizo huwezi kupotea hata ukigeuza upande.

Na picha za zamani muwe nazo makini. Oman mwisho wa wiki ulikuwa Alhamisi na Ijumaa, tangu Mei 2013 ni Ijumaa na Jumamosi. Picha ya bango la ofisi ya kabla ya hapo ina siku za kazi ambazo hazipo tena.

#28 mkazi_wa_ngamiani
Waaleikum salaam dada. Hili la tarehe nimelipenda. Picha zangu zina tarehe ndani yake, nitaandika.

#29 mama_takwimu
Andika, kuna sehemu yake: `check_date:opening_hours` na tarehe ya kupiga picha, mwaka kwanza, mfano `2024-03-16`. Iwe siku bango lilipoonekana, hata kama umechapa miezi baadaye. Wengi wanaweka ya siku waliyokaa kwenye kompyuta.

#30 Toronto_Mswahili
Asante bibi kwa J. Naomba niulize kuhusu J2. Kama haisomeki, si aache tu bila kuandika?

#31 ZeFundi
Selotepu maana yake wamefunga. Zamani walifungua Jumapili, wameacha, wakafunika mstari badala ya kumlipa mchoraji. `Su off`.

#32 mchora_mabango
Wateja wangu wanafanya hivyo kweli. Lakini pia selotepu ya kahawia inashikilia kioo kilichopasuka. Mkazi, inaishia kwenye bango au inaendelea?

#33 mkazi_wa_ngamiani
Inaendelea mpaka kwenye kioo upande wa kushoto, imelala mshazari. Kwenye kona yake ya juu kuna kipande cha karatasi kimebaki.

#34 Nyali_Juu
Karatasi! Basi walibandika tangazo, wakala wa pesa au msiba, likachanwa ikabaki selotepu. J2 iko salama chini yake, tatizo ni kwamba hatuioni.

#35 kasuku_wa_bukavu
Mshazari ni ufa. Tangazo huwezi kulibandika mshazari.

#36 chipsi_dume
Hujaona matangazo ya waganga wewe.

#37 mama_takwimu
@Toronto_Mswahili nirudi kwa swali lako kabla hawajafika mbali. Kuacha kimya si sawa na kutojua. Programu inayosoma `opening_hours` siku isiyotajwa inaihesabu imefungwa. Ukiiacha J2 bila kitu, ramani itasema Jumapili wamefunga, na atakayekuja baada yako hatajua kama uliliona neno "imefungwa" au hukuona chochote. Kwa hiyo `Su off` ichapwe pale tu bango linaposema hivyo au mwenye duka amesema. Pasiposomeka kuna neno la kukiri hivyo, na maelezo ndani ya alama za kunukuu:

```
Su unknown "mstari umefunikwa"
```

J1 nayo inaweza kuandikwa vivyo hivyo. Asubuhi yake tunaijua lakini, ndiyo inayoniuma.

#38 ZeFundi
Nani anaangalia `unknown`? Mtu anataka kujua aende au asiende. Mimi ningeweka 13:00. Akifika saa tano atakuta wazi vyovyote iwavyo, na akija saa tisa akakuta wazi atafurahi. Kosea upande usiomuumiza mtu.

#39 Nyali_Juu
Unamuumiza mwenye duka. Wateja wa Jumamosi jioni wanaenda kwa jirani.

#40 mama_takwimu
Hoja ya ZeFundi ina uzito wake kwa mteja. Lakini ukishaandika 13:00 haina alama yoyote ya shaka, inafanana na saa ulizozisoma vizuri. Angalau weka shaka kwenye sehemu ya maelezo, `note`, kwamba tarakimu ya Jumamosi haikusomeka ni 7 au 1. Mchoraji ramani mwingine wa Tanga akiiona atapita.

#41 bibi_wa_chuoni
Na hiyo SIKUKUU mmeipita kimya. Sikukuu zipi? Kuna za serikali, kuna za dini. Mwenye duka akiwa Muislamu atafunga Idd na Maulidi, Pasaka yuko dukani anauza misumari. Akiwa Mkristo ni kinyume chake. Saba Saba na Nane Nane je? Siku hizo mafundi hawaendi kazini, baadhi ya maduka ya vifaa yanafunga, mengine yanauza sana.

#42 mama_takwimu
Kwenye ramani ni `PH off`, maana yake sikukuu zote za kitaifa za nchi ambapo duka lipo. Ni kweli haitofautishi. Ila bango limesema sikukuu bila kuchagua, nasi tunachapa bango. Tukianza kukisia dini ya mwenye duka kwa jina la duka tumeharibu. Tena Idd hutangazwa mwezi ukiandama, programu nyingi hazina tarehe hiyo, kwa hiyo siku hiyo ramani inaweza kusema wazi na wewe ukakuta kufuli. Hilo halitengenezwi kwa uchapaji.

#43 umm_salim_mct
Na Ramadhani? Huku saa zote zinabadilika mwezi mzima, karatasi nyingine inabandikwa juu ya bango.

#44 mama_takwimu
Hakuna namna ya kuandika Ramadhani humo. Kuna miezi ya Kizungu tu, na Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Picha iliyopigwa Ramadhani nisingeichapa kabisa kama saa za kawaida. Mkazi, yako ilipigwa lini?

#45 mkazi_wa_ngamiani
Oktoba. Haihusiki.

Wakuu nimejaribu kukusanya mliyosema. Haya ndiyo maandishi ya kusomwa na watu, nitayatuma kwenye kundi la mtaa pia:

```
Jumatatu - Alhamisi: 2:00 asubuhi - 6:30 mchana
                     8:00 mchana - 12:00 jioni
Ijumaa:              2:00 asubuhi - 5:30 asubuhi
                     8:00 mchana - 12:00 jioni
Jumamosi:            2:00 asubuhi - (7:00 mchana au 1:00 usiku)
Jumapili:            haisomeki
Sikukuu:             imefungwa
```

Na ya ramani:

```
Mo-Th 08:00-12:30,14:00-18:00;
Fr 08:00-11:30,14:00-18:00;
Sa 08:00-13:00;
Su unknown "mstari umefunikwa"; PH off
```

Jumamosi nimefuata ZeFundi, na `note` kama alivyosema mama_takwimu.

#46 ZeFundi
Hatimaye!

#47 Nyali_Juu
Napinga Jumamosi, lakini mradi `note` ipo nanyamaza. Maandishi ya watu yamenyooka: kila kundi la siku na mstari wake, kipindi cha pili chini ya cha kwanza. Usije ukabana vyote kwenye mstari mmoja na mikato, kwenye simu ndogo unavunjika katikati ya saa.

#48 mama_takwimu
Moja tu: unapobandika kwenye ramani toa hizo nafasi za mistari, iwe mstari mmoja. Jumla isizidi herufi 255, uko mbali nazo.

#49 bibi_wa_chuoni
5:30 hiyo ya Ijumaa wengine wataiita mchana. Sigombani.

#50 chipsi_dume
Wakuu mimi nauliza langu. Kibanda changu cha chipsi kinafunguliwa saa kumi na mbili jioni mpaka saa nane usiku, Ijumaa na J1. Nikichapa ile saa nane ya usiku si tayari ni J1 na J2? Niandike siku nne?

#51 mama_takwimu
Siku mbili. Saa inakaa kwenye mstari wa siku ulipofungua: `Fr-Sa 18:00-02:00`. Programu ikiona saa ya kufunga ni ndogo kuliko ya kufungua inajua umevuka usiku wa manane.

#52 chipsi_dume
Na kama mafuta yameisha saa tano?

#53 mchora_mabango
Hiyo nakuchorea: "MPAKA VIISHE". Buku tano.

#54 Toronto_Mswahili
Mchoraji, wewe upo Tanga hapohapo. Duka liko Ngamiani. Si upite tu?

#55 mchora_mabango
Ngamiani kuna maduka ya vifaa mengi, hajasema lipi wala barabara ya ngapi. Mkazi nitumie picha inboksi. Kama ni lile ninalolifikiria, juu limechorwa na marehemu fundi wangu na chini limechorwa na mtu mwingine kabisa. Basi ile 7 ya simu si sampuli ya kuaminika, mkono si mmoja.

#56 Nyali_Juu
😂😂 Mama_takwimu njoo.